Filamu Fupi: Andika Sentensi Moja na Aya Moja Kabla ya Onyesho la Kwanza

Vijana wengi wa Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya mwambao sasa wana simu zinazoweza kurekodi picha nzuri. Wengine wameshajaribu kutengeneza filamu fupi za dakika tano au kumi. Wengi huanza kwa kuandika maonyesho: mtu anaingia, anasalimia, wanagombana, mwingine analia. Wakifika katikati wanakwama. Hawajui hadithi inaelekea wapi, na kila onyesho jipya linadai mtu mwingine, mahali pengine na mafuta mengine ya boti.

Mara nyingi waliojifunza kazi hii huanza upande wa pili. Kabla ya kuandika onyesho lolote, wanaandika vitu viwili vifupi. Cha kwanza ni sentensi moja inayosema filamu ni ya nani, imemkuta nini, na anatakiwa afanye nini. Watu wa filamu huiita loglaini; hapa tutaiita sentensi ya filamu. Cha pili ni muhtasari wa aya moja unaosimulia hadithi nzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Katika makala haya tunaonyesha jinsi vitu hivyo viwili vinavyoandikwa, kwa kutumia hadithi tuliyoibuni wenyewe. Hadithi hiyo inatokea Katonga, wakati Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi.

Mada bado si hadithi

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa mwambao analijua. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu mitumbwi ilikaa nchi kavu. Mvuvi, mkausha dagaa, mpika chakula wa mwaloni na mwenye duka la mafuta, wote waliguswa.

Mtu akitaka kutengeneza filamu juu ya jambo hilo, sentensi yake ya kwanza huwa kama hii:

*Filamu yetu inahusu kufungwa kwa ziwa na athari zake kwa wananchi wa Kigoma.*

Sentensi hii haina kosa la Kiswahili, na jambo inalolitaja ni la kweli. Lakini ingefaa kuwa kichwa cha habari au ajenda ya mkutano. Jiulize swali moja tu: kamera itamtazama nani? Sentensi haijibu. "Wananchi" hawawezi kukaa mbele ya kamera ya simu, na "athari" haina uso wala mikono. Ukianza kuandika maonyesho kutokana na sentensi hii, utaandika watu wanaoelezana umuhimu wa ziwa, na mtazamaji atahisi anahutubiwa.

Dawa yake ni kumtafuta mtu mmoja. Mfano mzuri uko Kenya. Mwezi Desemba 2015 watu wenye silaha walivamia basi karibu na Mandera wakitaka kuwatenga abiria Wakristo, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa nao. Tukio hilo lilikuwa na abiria wengi, na kila mmoja wao alikuwa na lake la kusimulia. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotoka mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oska mwaka 2018, haikujaribu kuwasimulia wote. Ilimchagua mwanamke mmoja Mkristo, asiyewaamini Waislamu anaosafiri nao, ikampandisha ndani ya basi hilo. Ukimjua yeye, tayari unajua kwa nini basi likisimamishwa utashika pumzi: anaowaogopa ndio wenye uwezo wa kumwokoa. Filamu ina dakika 22 tu, na inatosha.

Kwa hiyo jambo lililotikisa mkoa mzima likikosa mtu mmoja wa kulibeba, linabaki kuwa taarifa.

Mtu awe na jambo la kufanya

Tumtafute basi mtu wetu. Tumchague mama anayekausha dagaa. Sentensi ya pili inakuwa hivi:

*Mama mkausha dagaa wa Katonga anateseka baada ya ziwa kufungwa.*

Tumepiga hatua, kwa sababu sasa tuna mtu na tuna mahali. Lakini tazama kitenzi: anateseka. Kuteseka ni hali tu, hakuna anachokifanya. Kamera itamwonyesha ameketi, ameshika tama, anatazama ziwa. Baada ya dakika moja mtazamaji ameshaelewa kwamba mama ana shida, na hakuna kingine cha kusubiri.

Chunguza vitenzi vya sentensi yako. Ukikuta anateseka, anahuzunika, anaishi au anapitia, ujue mhusika wako hajapewa kazi. Vitenzi vinavyofaa ni vile vya mtu anayetaka kitu na kukifuata: anaficha, anatafuta, anakataa, anarudisha, anachagua.

Wengi wakisikia ushauri huo wanakwenda upande mwingine wa kosa. Wanaongeza:

*Mama mkausha dagaa anataka kulipa mkopo wa kikoba baada ya ziwa kufungwa, lakini mumewe amekwenda Kongo na hajarudi, mwanawe ameacha shule na anavua kwa siri, na mwenye nyumba anataka kumfukuza.*

Sasa kuna mambo ya kufanya, ila ni mengi mno. Hizi ni filamu nne ndani ya sentensi moja. Mume aliyekwenda Kongo anahitaji filamu yake. Kuacha shule nako hakumalizwi kwa dakika kumi. Ukisoma sentensi yako ukaona maneno "na", "pia" na "vilevile" yanashikilia matatizo mapya, simama. Uliza: ni tatizo lipi kati ya haya linaloweza kuanza na kumalizika ndani ya siku moja? Filamu fupi hupenda siku moja, wakati mwingine saa moja tu.

Kati ya matatizo hayo manne, lililo karibu zaidi na mikono ya mama ni la mtoto anayevua kwa siri. Liko ndani ya nyumba yake, na ni la leo.

Kinachombana na kinachompa haraka

Sentensi ya filamu inahitaji bado vitu viwili. Kwanza, kitu kinachofanya uamuzi uwe mgumu kwa mtu huyu kuliko kwa mwingine. Pili, kitu kinachomzuia asiahirishe.

Kwa la kwanza, tumebadilisha kazi ya mama kidogo. Kwenye mialo kuna vikundi vya wenyeji vinavyosaidia kulinda samaki na kusimamia taratibu za uvuvi, vinavyojulikana kama BMU. Tumemfanya mama awe mjumbe wa kikundi hicho. Mama mwingine akikuta mwanawe amevua wakati wa katazo, atamkemea na mambo yataisha ndani ya nyumba. Huyu hawezi, kwa sababu yeye mwenyewe amewakamatia wenzake nyavu. Akimficha mwanawe, amewadhulumu wote aliowakamata. Akimtaja, amempeleka mwanawe mbele ya sheria kwa mdomo wake.

Kwa la pili hatukuhitaji kubuni chochote, kwa sababu dagaa wenyewe wana saa yao. Dagaa wabichi hawasubiri. Wasipoanikwa juani au kukaangwa mapema, joto la mchana linawaharibu. Kuwaanika ni kazi ya mahali pa wazi, kwenye chanja au mchangani, ambapo kila mpita njia anaona. Na wakati ziwa limefungwa, dagaa wabichi wenyewe ni ushahidi. Hata mtu asipowaona, atawanusa.

Tazama jinsi jambo dogo la kazi ya kila siku lilivyotupa kile ambacho filamu nyingi hukitafuta kwa bunduki na magari. Ndiyo maana tunawashauri waandishi wa mwambao waitafute haraka ya hadithi ndani ya kazi wanazozijua: boti inayoondoka alfajiri, mbalamwezi inayokuja na kuwapumzisha wavuvi wa taa, mawese yanayochemka jikoni.

Sasa sentensi yetu imefika hapa:

*Ziwa likiwa limefungwa, mama mlinzi wa mwalo anakuta dagaa wabichi jikoni kwake. Kabla hawajaoza lazima amtaje mwanawe au aivunje sheria anayoilinda.*

Ina maneno 21. Haina jina la mtu, kwa sababu jina halimwambii kitu msomaji asiyemjua. "Mama mlinzi wa mwalo" linamwambia mengi. Haisemi mwisho, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha mtego tu. Na haina neno la kujisifu, kama "ya kusisimua" au "ya kugusa moyo". Mtego ukiwa mzuri, anayesoma atasisimka mwenyewe.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mwenye simu anacho. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu, usio wa intaneti, hubeba herufi 160 pamoja na nafasi na alama. Sentensi yetu ina 149. Andika yako kwenye sehemu ya ujumbe. Ikizidi na kuwa ujumbe wa pili, huenda umebeba tatizo la ziada, au umeanza kueleza mambo yaliyotokea kabla ya filamu kuanza. Punguza hapo kwanza.

Ipime kwa masikio ya mtu mwingine

Kabla ya kwenda kwenye muhtasari, mwambie mtu sentensi hiyo kwa mdomo, au mtumie kwa sauti kwenye simu. Usimweleze zaidi. Usimuulize kama ameipenda, kwa maana watu wetu wana adabu na watasema ndiyo. Baada ya saa chache, mwombe akusimulie alichokisikia.

Akisema, "Ni ile ya mama aliyekuta dagaa wa mwanawe," sentensi imefika. Akisema, "Ni ile ya mambo ya kufungwa ziwa," basi mama hajaonekana; mada imemmeza. Na akiuliza, "Sasa akafanyaje?" hapo una hadithi.

Sikiliza pia maswali ya kutoelewa. Mtu wa Kasulu au Kibondo ambaye hakai ziwani anaweza kuuliza, "Kwani kuwa na dagaa ni kosa?" Swali hilo linakuonyesha kwamba filamu itabidi ieleze katazo mapema, katika dakika ya kwanza, labda kwa tangazo la redio linalosikika nyuma ya mama anapoamka. Umeligundua kabla hujarekodi chochote.

Muhtasari: hadithi yote, na mwisho wake

Muhtasari ni aya moja inayosimulia filamu nzima. Kwa filamu ya dakika kumi, maneno 120 hadi 150 yanatosha. Ukiyasoma kwa sauti kwa mwendo wa mtangazaji, ni kama dakika moja hivi. Huandikwa kwa wakati uliopo: anaamka, anakuta, anakataa. Huandika tu yale yanayoonekana au kusikika, na hapa majina yanaruhusiwa.

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na ugonjwa ambao karibu kila rasimu inao. Ilikwenda hivi: mama anakuta dagaa, halafu jirani anakuja, halafu mwenyekiti wa kikoba anakuja kudai, halafu mtoto anarudi, halafu wanagombana. Kila kitu kilifungwa kwa "halafu". Neno hilo linasema tu kwamba jambo moja lilikuja baada ya jingine. Halisemi kwamba moja limelizaa jingine.

Chukua rasimu yako na ujaribu kuondoa kila "halafu", uweke "kwa hiyo" au "lakini". Mama anaogopa kuwaanika, kwa hiyo anawakaanga ndani. Lakini kukaanga kunatoa harufu, kwa hiyo jirani anakuja. Sentensi hizo zinakubali. Sasa jaribu na mwenyekiti wa kikoba: amekuja "kwa hiyo" gani? Hakuna. Amekuja kwa sababu mwandishi amemwita. Tukamwondoa, na deni likabaki kama sababu ya mtoto kwenda kuvua.

Huu hapa muhtasari baada ya marekebisho:

*Ni mwezi wa pili tangu Ziwa Tanganyika lifungwe. Zaina, mkausha dagaa wa Katonga na mjumbe wa BMU, anaamka na kukuta beseni la dagaa wabichi jikoni kwake. Juma, mwanawe, amewavua usiku ili amlipie mama deni la kikoba. Zaina akiwaanika, mwalo mzima utaona. Akiwaacha, wataoza na harufu itasema. Kwa hiyo anajifungia jikoni na kuwakaanga. Lakini harufu inamleta jirani, ambaye mwezi uliopita Zaina alimkamatia wavu. Jirani hashtaki, anaomba sahani, anakula, na kuahidi kurudi kesho. Zaina anaelewa kwamba ukimya huu ataulipia kila siku. Juma anamsihi wawamwage ziwani usiku. Zaina anakataa. Saa kumi jioni anajitwika beseni, anapita kwenye chanja tupu huku watu wakigeuka kwa harufu, analitua mbele ya kikao cha BMU na kusema limetoka nyumbani kwake. Mwenyekiti anauliza nani aliyevua. Zaina ananyamaza. Juma, aliyekuwa akimfuata kwa mbali, anasimama na kujitaja.*

Wapo waandishi wanaoficha mwisho hata kwenye muhtasari. Wanaandika, "Je, Zaina atafanya nini? Tazama filamu ujue." Maneno hayo ni ya bango. Matamasha kama lile la filamu la Zanzibar, ZIFF, huchapa maelezo mafupi ya filamu kwa ajili ya watazamaji, na humo mwisho haufichuliwi. Lakini muhtasari wa kazi ni wa watu watakaoitengeneza: wewe, mpiga picha, waigizaji, na anayetaka kukuchangia fedha. Ukificha mwisho hapo, unajificha wewe mwenyewe jambo moja: huenda bado huna mwisho.

Mwisho utoke kwa mhusika

Tulijaribu miisho mitatu kabla ya huo. Tunaieleza kwa sababu makosa yake yanaonekana kwenye aya upesi kuliko kwenye maonyesho.

Katika mwisho wa kwanza, mjomba anatuma fedha kwa simu kutoka Dar es Salaam, deni linalipwa, na dagaa wanatupwa. Aya ilionekana nzuri mpaka tulipouliza: mama amefanya nini? Hakufanya kitu. Mjomba, ambaye hatujamwona, amekuja kumwondoa kwenye mtego. Mtazamaji aliyemhurumia kwa dakika tisa anahisi ametapeliwa.

Katika mwisho wa pili, askari wa doria wanavamia nyumba na kumkuta Juma. Huu una kelele zaidi, lakini una kasoro ileile. Sentensi ya filamu ilisema lazima mama achague. Hapa doria imechagua kwa niaba yake.

Katika mwisho wa tatu, mama anasimama kwenye kikao na kutoa hotuba ndefu juu ya faida za kulinda mazalia ya samaki. Amechagua, ni kweli, lakini hotuba ile imerudisha mada yetu ya kwanza kwa mlango wa nyuma.

Katika mwisho tuliouchukua, mama anafanya jambo linaloonekana: anabeba beseni mchana kweupe mbele ya watu ambao hawajanusa dagaa wa kukaanga kwa majuma mengi. Halafu anapoulizwa jina, ananyamaza. Juma anajitaja kwa sababu amemwona mama yake akibeba aibu isiyo yake. Uamuzi wa mtoto umezaliwa na uamuzi wa mama. Hicho ndicho kipimo: rudi kwenye sentensi ya filamu, usome mtego, kisha usome mstari wa mwisho wa muhtasari. Kama mstari wa mwisho haujibu mtego, kimoja kati ya viwili kibadilishwe. Wakati mwingine mwisho ndio mzuri, na sentensi ndiyo inayostahili kuandikwa upya.

Isome aya kama mtu anayelipa

Muhtasari ukikamilika, usome tena kwa jicho la mfuko. Hesabu mahali: jikoni kwa Zaina, njia inayopita kwenye chanja, na mahali pa kikao. Ni sehemu tatu, zote zinafikika kwa miguu. Hesabu watu: Zaina, Juma, jirani, mwenyekiti, na wenyeji wachache wa kukaa kikaoni. Hesabu wakati: karibu kila kitu ni mchana, na simu nyingi huona vizuri mchana kuliko usiku.

Rasimu ya awali ilikuwa na Juma ziwani usiku akivuta wavu. Onyesho hilo lingedai mtumbwi, injini, mafuta, taa, maboya ya kujiokolea kwa kila mtu na hali ya ziwa iliyotulia. Aya ilituonyesha kwamba halihitajiki. Beseni lenye dagaa na nguo zilizolowa mlangoni vinaeleza yote. Kufuta mstari mmoja kwenye aya hakugharimu kitu; kufuta onyesho mkiwa mmeshakodi mtumbwi kunauma.

Aya imetuonyesha tatizo jingine pia. Hadithi inataka dagaa wabichi na mwalo usio na kazi kwa wakati mmoja, na vitu hivyo haviji pamoja. Ziwa likifungwa huna dagaa wabichi wa halali. Likifunguliwa, chanja zimejaa na watu wanapita. Njia mojawapo ni kurekodi maonyesho ya jikoni wakati uvuvi unaendelea, na yale ya chanja tupu wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa taa hupumzika na mwalo hupoa.

Kuna jambo jingine la kupima hapa, ambalo halina gharama ya fedha. Vijiji vya mwambao ni vidogo. Kama hadithi yako imetoka kwa mtu halisi aliyekamatwa wakati wa katazo, watu watamtambua hata ukibadilisha jina. Badilisha kazi, umri, idadi ya watoto na mahali kabla hujaandika onyesho. Kwenye aya ni kazi ya dakika kumi. Kwenye filamu iliyokwisha kusambaa kwa simu, haiwezekani tena.

Na kumbuka kwamba aya haichukui nafasi ya mswada. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi filamu ya kuonyesha kwa umma. Ulizia taratibu kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yako kabla hujapanga siku ya kazi.

Kutoka aya kwenda maonyesho

Sasa unaweza kuandika maonyesho, na utaona yanakuja kwa urahisi. Pigia mstari kila tendo kubwa kwenye aya yako. Yetu inatoa sita: Zaina anakuta beseni, anamkabili Juma, anakaanga kwa siri, jirani anakula, mama na mwana wanabishana, Zaina anabeba beseni hadi kikaoni. Mswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu hukadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja. Filamu ya dakika kumi ni kurasa kumi, basi kila onyesho lina ukurasa mmoja au miwili. Ukijikuta umeandika kurasa nne za mabishano, utajua mapema kwamba umechukua nafasi ya kikao.

Ukiwa katikati, maonyesho yanaweza kukuonyesha jambo ambalo aya haikuliona. Labda jirani atageuka kuwa mtu mwenye uchungu zaidi kuliko ulivyodhani. Hiyo si dhambi. Rudi, ubadilishe sentensi, ubadilishe aya, kisha endelea. Ubaya ni kubadilisha maonyesho huku sentensi ya zamani imebaki, kwa sababu mpiga picha atakuwa anatengeneza filamu moja na wewe nyingine.

Njia hii haifai kila filamu. Ukitaka kurekodi tu jinsi mama zetu wanavyokausha dagaa tangu alfajiri hadi jioni, bila mtego wala uamuzi, usilazimishe mtego. Hapo utahitaji orodha ya kazi na saa zake. Lakini kama unataka mtazamaji aulize, "Sasa akafanyaje?" basi andika kwanza ujumbe mmoja wa simu, kisha aya ya dakika moja. Ujumbe ukikataa kutosha ndani ya herufi 160, bado hujajua filamu yako ni ya nani. Usimwite mwigizaji bado.